Kutoka konzi hadi gramu: kuandika upya mapishi ya bibi kutoka kwenye picha ya daftari

Ukurasa wenyewe unasema hivi, neno kwa neno:

> Mahamri. Unga vibaba 2. Sukari konzi 3. Hamira kijiko, iumuliwe. Iliki kiasi. Nazi 1, tui zito, lisizidi. Samli kidogo. Chumvi chembe. Ukandwe mpaka uwe laini, ulale. Saa 11 usukumwe, ukatwe, uachwe kidogo. Mafuta yawe ya moto.

Ni picha ya daftari la bibi yangu wa Tanga, imezunguka kwenye simu za ukoo mzima. Kila anayejaribu kuipika anapata mahamri tofauti: ya huyu yanajaa hewa, ya yule yamekaa kama biskuti. Kwa bibi maelezo haya yalikuwa kamili, kwa sababu kopo la kupimia lilikuwa jikoni kwake na konzi ilikuwa ya mkono wake. Sisi tumebaki na maneno tu. Nitaufuata ukurasa huu mmoja tangu picha hadi mapishi ya gramu na mililita. Ukishaona njia, utaweza kuitumia kwa vitumbua, pilau, achari au chochote kilichoandikwa kwenye daftari la kwenu.

Soma picha kabla hujagusa mizani

Ukiweza kulifikia daftari, lipige picha upya. Liweke karibu na dirisha mchana, zima taa ya kamera, na simu iwe sambamba na ukurasa. Penseli iliyofifia huonekana vizuri mwanga ukitokea ubavuni, kwa sababu mkandamizo wa kalamu hutoa kivuli kidogo. Pale mafuta yalipodondokea, karatasi hupitisha mwanga na maandishi ya upande wa pili hujitokeza. Weka karatasi nyeusi nyuma ya ukurasa na maandishi hayo ya nyuma yatapotea. Daftari likiwa mbali, mwombe aliye nalo akutumie picha kama faili. Ikitumwa WhatsApp kama picha ya kawaida hubanwa, na nukta ndogo au alama ya nusu inaweza kufutika.

Kisha nakili kila neno kama lilivyo, hata lililokatwa kwa mstari. Usisahihishe wala usiongeze chochote. Pasiposomeka weka mabano ya mraba na uandike unavyodhani: [3 au 8]. Daftari za zamani za pwani nyingine zimeandikwa kwa herufi za Kiarabu, na hapo kaa macho zaidi na tarakimu, maana ya 2 na ya 3 hutofautiana kwa jino moja dogo, na ya 5 hufanana na sifuri tuliyoizoea.

Sasa tenga mambo yenye maana mbili. Kwenye ukurasa wetu yapo mawili makubwa. La kwanza ni "Saa 11". Je, ni saa kumi na moja jioni au alfajiri? Au ni muda wa saa kumi na moja? Neno "ulale" lililotangulia linajibu: donge linakandwa usiku, linalala, linasukumwa alfajiri ili mahamri yawe tayari kwa chai. La pili ni "kijiko", ambacho kinaweza kuwa cha chai au cha mezani. Hicho tukiache kwanza, hesabu yenyewe itakuja kutuambia.

Tafuta chombo, tafuta mkono

Mtandaoni zipo jedwali zinazodai kwamba kibaba ni gramu kadhaa na konzi ni gramu kadhaa. Usizitumie kwa kazi hii. Kibaba hakikuwa sawa kila mahali, na kwenye nyumba nyingi kilikuwa kopo lolote lililozoeleka. Uliza kopo liko wapi. La bibi lilikuwa bado kwa shangazi, kopo la bati la maziwa ya unga, sasa linawekewa vibanio vya nguo.

Ukilipata, kulipima ni rahisi. Liweke tupu juu ya mizani ya jikoni, bonyeza TARE ili isome sifuri, lijaze maji mpaka ukingoni. Gramu za maji ndizo mililita za chombo. Kopo la bibi lilichukua gramu 800 za maji, basi ujazo wake ni mililita 800. Hiyo haina maana kwamba linachukua gramu 800 za unga. Unga wa ngano ni mwepesi kuliko maji, na uzito wake hutegemea namna unavyotiwa: ukichungwa huingia kidogo, ukichotwa na kugongwagongwa huingia mwingi. Ndiyo maana unahitaji mtu wa kuuchota kama ulivyokuwa ukichotwa.

Mtu huyo ni yule aliyepika na mwenye mapishi. Kwetu ni shangazi, aliyekandia jikoni kwa bibi tangu msichana. Hakuna haja ya kumwuliza konzi ni kiasi gani. Nilipomwuliza alishangaa tu: "Konzi si konzi, mwanangu? Hii hapa," akanikunjia ngumi. Mtu anayepika kwa mkono hana jibu la swali hilo, na ukimsisitiza atakupa namba ya kukuridhisha. Mwulize kinachotokea mambo yakiharibika. "Tui likizidi, shangazi, unaonaje?" Hapo alijibu bila kufikiri: "Unga utanata kwenye kibao, utaongeza unga mwingine, na mahamri yatakuwa mazito." Jibu hilo nililiandika vilevile, na utaliona tena kwenye mapishi ya mwisho.

Pima kilichopungua

Hapa ndipo kazi ilipo. Ukimwambia mpishi aiweke konzi yake ya sukari kwenye bakuli lililo juu ya mizani, atapunguza mwendo, atakunja vidole kwa uangalifu, na konzi itakuwa nyingine. Mwache apike kama siku zote, na wewe upime vyombo anavyochotea. Kabla hajaanza, pima mfuko wa unga, bakuli la sukari, kopo la samli, jagi la tui na kikopo cha chumvi, kila kimoja na kilichomo, na uandike. Akishachota, pima tena. Kilichopungua ndicho kilichoingia kwenye chakula.

Shangazi alichota unga kwa kopo, akafuta juu kwa kiganja. Mfuko ulipungua gramu 960 kwa vibaba viwili. Ukigawanya kwa ujazo wa makopo mawili, mililita 1,600, unapata gramu 0.6 kwa kila mililita, na hivyo ndivyo unga unaochotwa na kushindiliwa kidogo unavyokuwa. Namba imekaa mahali pake. Ingekuwa 0.9 ningejua kuna nilichokosea kuandika.

Sukari nilipima bakuli baada ya kila konzi: 46, 51, 47. Jumla gramu 144. Tazama jinsi mkono uliozoea unavyorudia kilekile karibu kila mara. Ikiwa konzi za mpishi wako zinatofautiana mno, moja 30 na nyingine 60, basi yeye hapimi kwa konzi tena. Anaongeza mpaka aridhike na anachokiona au anachoonja, na hapo andika jumla tu.

Njia hii pia hufichua vitu ambavyo havikuandikwa. Ukurasa unasema hamira "iumuliwe" lakini hautaji maji. Shangazi aliiumua kwa maji ya uvuguvugu kwenye kikombe cha kahawa, mililita 40. Hayo ni maji yanayoingia kwenye donge, lazima yahesabiwe. Halafu kuna unga wa kunyunyiza kwenye kibao wakati wa kusukuma. Huo ulikuwa gramu 40, na haukutoka kwenye vile vibaba viwili. Andika pembeni, usiuchanganye na unga wa donge. Mapishi mengi ya familia huharibikia hapa: kinachokosekana kilikuwa cha kawaida mno kwa mwandishi kiasi cha kutotajwa.

Chembe, kiasi, kidogo

Mizani ya kawaida ya jikoni husoma kwa hatua ya gramu 1, na kwa kitu cha gramu 2 au 3 haiaminiki. Kwa chumvi, mwombe mpishi akufanyizie chembe kumi mfululizo kwenye kisahani, upime jumla, ugawanye kwa kumi. Kama kazi hii utaifanya mara nyingi, nunua mizani ndogo inayosoma sehemu ya kumi ya gramu, kama ile ya sonara. Chembe ya shangazi ni vidole vitatu vilivyojaa, na hutia mara tatu. Ilifika gramu 3.

Iliki alihesabu kwa punje na si kwa kijiko, punje 20. Nilizimenya, zikatwangwa, zikapimwa: gramu 3 hivi. Kwenye mapishi andika yote mawili, maana aliye na iliki ya kusagwa ya dukani anahitaji gramu, na aliye na punje anahitaji hesabu. Samli "kidogo" ilikuwa mchoto mmoja wa ncha ya mwiko, na kopo lilipungua gramu 19.

Hamira ya bibi ilikuwa ile ya chembe kubwa, inayohitaji kuumuliwa kwanza. Kijiko cha chai cha hamira hiyo, kikiwa sawa juu, ni gramu 3. Cha mezani ni mara tatu yake, gramu 9. Kipi alikusudia? Rudi kwenye "ulale". Donge la gramu 960 za unga lenye gramu 9 za hamira, kwenye usiku wa Tanga wenye joto la nyuzi 26 au 27, litakuwa limeumuka baada ya saa mbili hivi. Likiachwa mpaka alfajiri litachacha na kuporomoka. Kwa gramu 3 linaweza kulala usiku mzima, hasa kwa sababu sukari nyingi huibania hamira maji na kuipunguza kasi. Kwa hiyo ni kijiko cha chai. Shangazi alipotoa kijiko chake kabatini kilikuwa hichohicho.

Anayetumia hamira ya papo kwa papo, ile laini inayochanganywa moja kwa moja na unga, atumie robo tatu ya kiasi, yaani gramu 2 na ushei.

Nazi moja ni nazi gani?

Nazi ndiyo iliyonisumbua zaidi kuliko vyote, na inastahili kuelezwa taratibu. Kuna nazi kubwa na ndogo, iliyokomaa na isiyokomaa, na "tui zito" hutegemea maji uliyotia wakati wa kukamua. Kwa hiyo "nazi 1" igawe kwenye vipimo vitatu: uzito wa nazi iliyokunwa, maji yaliyotiwa, na tui lililopatikana.

Nazi ya shangazi, baada ya kukunwa kwa mbuzi, ilitoa gramu 360 za nazi iliyokunwa. Alitia mililita 300 za maji ya uvuguvugu, akafinyanga kwa mkono, akakamua kwa kifumbu. Tui lilifika mililita 470. Wakati wa kukanda alilitia kidogokidogo na akaacha donge lilipomridhisha. Jagi lilibaki na mililita 20. Tui lililotumika ni mililita 450, na ukijumlisha maji ya hamira unapata mililita 490 za kimiminika.

Zile mililita 20 zilizobaki ndiyo maana halisi ya "lisizidi". Kiasi cha tui hakijawahi kuwa kimoja, kwa sababu unga hunywa maji kwa viwango tofauti. Wa kampuni moja hunywa zaidi ya wa nyingine, na uliokaa kwenye hewa yenye unyevu hunywa pungufu. Usiandike namba moja tu hapa. Andika kiasi cha kuanzia, kiasi cha mwisho, na dalili ya kuacha.

Kwa aliye mbali na nazi, tui la kopo linafaa ukilipatanisha. Tui la kukamua kwa namna ya shangazi huwa jepesi kidogo kuliko la kopo. Soma kibandiko: makopo mengi ya tui zito yana mafuta karibu asilimia 17. Kopo la mililita 400 ukilichanganya na mililita 70 za maji utapata mililita 470 zinazokaribia hilo la jikoni. Krimu ya nazi ni nzito zaidi, na ukiitumia bila kuipunguza mahamri yatakuwa na mafuta mengi na yatavunjika.

Kagua kwa asilimia ya unga

Sasa una namba za siku moja, za mkono wa shangazi, na daftari ni la bibi. Utajuaje kama zina mantiki? Tumia desturi ya waoka mikate: uzito wa unga uwe 100, na kila kitu kingine kipimwe kwa huo. Gawanya kila kipimo kwa uzito wa unga, zidisha kwa 100.

Sukari 144 kwa 960 ni asilimia 15. Kimiminika 490 ni asilimia 51. Samli 19 ni asilimia 2. Hamira, chumvi na iliki, kila kimoja ni asilimia 0.3 hivi.

Donge la kusukuma na kukaanga, lenye sukari ya kutosha na mafuta ya nazi, hukaa vizuri kwenye kimiminika cha asilimia 50 hadi 55. Likishuka chini ya 48 litakuwa gumu kusukuma na halitavimba. Likipita 60 litanata na kunywa mafuta. Sukari ya mahamri huwa kati ya 12 na 20. Namba zetu zote zimo. Kama ningepata kimiminika asilimia 75, ningerudi kuuliza: je, sehemu ya tui ilimwagwa? Je, kopo la unga lilijazwa mara tatu?

Hesabu hii pia huokoa pale mpishi ameshafariki na hakuna aliyemwona. Chukua kitu kimoja unachoweza kukijua kwa uhakika, mara nyingi unga, na ukadirie vingine ndani ya mipaka ya chakula cha aina hiyo. Konzi ya mkono mdogo na ya mkono mkubwa zinaweza kuachana kwa gramu 15, lakini kwenye konzi tatu hiyo ni tofauti ya asilimia 5 tu ya unga, na mlaji ataona ni tamu zaidi kidogo, basi. Kosa la ukubwa huohuo kwenye kimiminika linabadilisha chakula kizima. Kwa hiyo tumia muda wako kwenye tui, hamira na chumvi. Sukari na iliki hazihitaji kukunyima usingizi.

Faida nyingine ni kubadilisha ukubwa. Gramu 960 hakuna anayeziuza, ila mfuko wa kilo moja upo kila duka. Kwa unga gramu 1,000, sukari inakuwa 150, kimiminika 510, samli 20, na hamira, chumvi na iliki zinabaki 3 kila kimoja. Kadiria namba zako hadi namba nzima hapa mwishoni tu. Ukikadiria kila hatua, makosa madogo hujumlishwa.

Vitenzi navyo vipimwe

"Ukandwe mpaka uwe laini" ni maelezo ya kweli, ila yanahitaji muda na dalili. Weka saa ya simu mpishi anapoanza, usimwambie. Shangazi alikanda kwa dakika 14. Dalili aliyoitazama ni kubonyeza donge kwa kidole: shimo linarudi polepole, na kidole kinatoka kikavu. Andika muda na dalili pamoja, na useme dalili ndiyo inayoamua, kwa kuwa mikono haina nguvu sawa.

"Usukumwe" haukutaja unene. Kupima unene wa donge kwa rula kunasumbua, linajikunja na kurudi. Pima uzito wa tonge na upana wa duara. Shangazi aligawa donge matonge kumi, kila moja gramu 162 hivi, akasukuma mpaka upana wa sahani ya chai, sentimita 18. Uzito huo kwa upana huo huleta unene wa milimita 6 bila ya kuupima. Kila duara alilikata vipande vinne kwa kisu, vipande 40 kwa jumla.

"Uachwe kidogo" ilikuwa dakika 25. Vipande viliongezeka unene kidogo na vikawa vyepesi vinapoinuliwa.

"Mafuta yawe ya moto" ndiyo sentensi fupi kuliko zote na ndiyo yenye madhara makubwa. Kipimajoto kilisoma nyuzi 175 alipotia kipande cha kwanza, na kati ya nyuzi 170 na 180 muda wote. Asiye na kipimajoto adondoshe kijidonge cha ukubwa wa punje ya mbaazi: kikizama na kuibuka ndani ya sekunde mbili au tatu huku kikitoa mapovu, mafuta yako tayari. Kikikaa chini, bado. Kikiwa kahawia papo hapo, epua karai kwa dakika moja.

Mapishi yenyewe, sasa

Mahamri, vipande 40

- Unga wa ngano gramu 1,000, na gramu 40 zaidi za kunyunyiza
- Sukari gramu 150
- Hamira ya chembe gramu 3 (kijiko 1 cha chai, sawa juu)
- Maji ya uvuguvugu mililita 40
- Iliki ya kutwanga gramu 3 (punje 20)
- Chumvi gramu 3
- Samli gramu 20
- Tui mililita 470, la uvuguvugu (au kopo la mililita 400 na maji mililita 70)
- Mafuta ya kukaangia lita 1

1. Saa tatu usiku, tia hamira na kijiko kimoja cha chai cha ile sukari kwenye maji ya uvuguvugu. Acha dakika 10. Povu lisipotokea hamira imekufa, tafuta nyingine.

2. Changanya unga, sukari iliyobaki, iliki na chumvi. Ongeza samli, sugua kwa vidole mpaka isionekane.

3. Tia hamira na tui mililita 430. Tui liwe la uvuguvugu tu. Ukitia kidole ukahisi linaunguza, litaua hamira. Changanya mpaka unga mkavu uishe, kisha ongeza tui lililobaki kijiko kimoja kimoja. Acha donge likishikana na kuacha bakuli safi, hata kama tui limebaki. Likizidi, donge litanata kwenye kibao, utaongeza unga, na mahamri yatakuwa mazito.

4. Kanda dakika 12 hadi 15. Ukibonyeza kwa kidole shimo lirudi polepole.

5. Funika, acha usiku mzima, kwa muda wa saa nane, mahali penye joto la nyuzi 25 hadi 27. Donge liwe mara mbili ya lilivyokuwa. Usiku ukiwa wa joto zaidi ya hapo, punguza hamira iwe gramu 2.

6. Saa kumi na moja alfajiri, toa hewa kwa kulikunja mara mbili tatu. Gawa matonge 10 ya gramu 168 hivi. Sukuma kila moja upana wa sentimita 18. Kata kila moja vipande vinne.

7. Panga vipande kwenye sinia lililonyunyizwa unga, funika, acha dakika 20 hadi 30.

8. Pasha mafuta hadi nyuzi 175. Tia vipande vinne au vitano kwa mara moja, mwagia mafuta juu yake kwa mwiko mpaka vivimbe, geuza. Upande mmoja huchukua dakika moja hadi moja na nusu. Toa vikiwa na rangi ya kahawia iliyoiva, uchuje.

Kwa anayetaka kupika mchana, hamira ya gramu 9 na saa mbili za kuumuka zitampa mahamri mazuri, ila ladha itakuwa nyepesi kuliko ya donge lililolala.

Jaribio, na nini cha kurekebisha

Mpe mapishi haya mtu ambaye hajawahi kupika mahamri ya nyumbani kwenu, na usimsaidie kwa neno. Kila atakapouliza swali, sentensi ya hapo imepungukiwa. Swali la kawaida ni "uvuguvugu wa kiasi gani?", na jibu ni nyuzi 35 hadi 40, yaani joto linalokaribia la mwili. Liandike.

Matokeo yakiwa tofauti, rekebisha kitu kimoja kwa mara moja. Yasipovimba, tazama kwanza mafuta, kisha unene, kisha kimiminika. Mafuta ya nyuzi 150 hufanya kipande kikauke juu polepole na kunywa mafuta kabla mvuke haujakiinua, na utajua kwa kukishika: ni kizito na kinaacha alama kwenye karatasi. Kikivimba upande mmoja tu, kimesukumwa bila usawa. Yakiwa kahawia nje na mabichi ndani, mafuta ni ya moto mno. Mafuta yakiwa sawa na bado yanaungua haraka, shuka hadi sukari ya asilimia 13. Yakinukia uchachu na donge limeporomoka alfajiri, hamira ni nyingi au chumba kina joto. Punguza hamira, usipunguze muda, kwa maana bibi aliandika ulale.

Ukizidisha kwa shughuli, asilimia zinabaki zilezile mpaka kilo tatu nne za unga. Zaidi ya hapo donge kubwa hutunza joto lake na kuumuka upesi, kwa hiyo ligawe kwenye beseni mbili kabla ya kulala. Muda wa kukaanga haubadiliki kamwe, na idadi ya vipande ndani ya karai nayo isibadilike, kwa kuwa ukijaza karai mafuta hupoa.

Mwishowe hifadhi vitu vitatu pamoja: picha ya ukurasa kama ilivyo, nakala ya neno kwa neno yenye mabano yake, na mapishi mapya yenye tarehe na jina la chombo na mkono vilivyopimwa. Juu ya yetu nimeandika: "Kopo la mililita 800, mkono wa shangazi." Binamu yangu wa Muscat ana konzi yake na kumbukumbu yake ya utamu, na anasema bibi alikuwa akitia nne. Nimemwekea safu yake pembeni: sukari asilimia 20.